Kabla Hujamhukumu Yusuf

Wajukuu zangu wa meza ya jarida, rasimu zenu za uhakiki wa riwaya ya Peponi zimenifikia. Nimezisoma zote nikiwa na kalamu ya risasi mkononi, na kabla hamjazipeleka kwa mwalimu mlezi nina maneno ya kuwaonya. Msinune. Aliyesahihisha insha za watoto wa watu mpaka akastaafu hana tena cha kugombea.

Rasimu moja inamsifu Abdulrazak Gurnah tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa ni mzaliwa wa Zanzibar na amepata Tuzo ya Nobeli. Nyingine imekatwa vipande kwa vichwa vya mtihani: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, matumizi ya lugha, kufaulu kwa mwandishi, kutofaulu kwa mwandishi. Nyingine inadai hadithi nzima imetokea hapa kwetu Bagamoyo. Kiswahili chenu ni kizuri kote. Lakini hakuna hata moja ambayo ingemsaidia mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesimama mbele ya rafu ya maktaba akijiuliza kama akiazime kitabu hiki au apite.

Huyo ndiye mnayemwandikia. Mwalimu wa mtihani ameshakisoma kitabu, na anachotaka ni kujua kama na wewe umekisoma. Msomaji wa jarida yeye hajakisoma. Anataka kujua kitabu kinahusu nini, kina uzuri gani, kinachosha wapi, na kama kinamfaa mtu kama yeye. Ukimletea vichwa vya mtihani utakuwa umemjibu swali ambalo hakuliuliza.

Naanza na hicho kichwa cha mwisho, kutofaulu kwa mwandishi, maana ndicho kilichowaponza zaidi. Darasani huwa kinaandikwa mwishoni, dakika zikiwa zimekwisha, na wanafunzi wana sentensi zao za akiba zinazohama kutoka kitabu hadi kitabu: mwandishi ametumia lugha ngumu, mwandishi amechanganya lugha, mwandishi hajatoa suluhisho la matatizo aliyoyaibua. Nimezikuta zote tatu katika rasimu zenu. Fanyeni jaribio hili. Chukua sentensi yako ya lawama, futa jina la Peponi, weka Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, kisha weka Kusadikika ya Shaaban Robert. Kama sentensi inakaa sawasawa kwenye vitabu vyote vitatu, haijasema neno juu ya kitabu chochote. Jaribu pia na sentensi zako za sifa. Wengi mtabaki na nusu ukurasa.

Sasa tukiangalie kitabu chenyewe, kwa sababu uhakiki haufundishiki hewani.

Juu kabisa ya makala yenu wekeni taarifa za kitabu, na ziwe sahihi. Gurnah alikiandika kwa Kiingereza kwa jina la Paradise, kikatoka London mwaka 1994, na mwaka huohuo kikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ni kazi ya Ida Hadjivayanis, na imechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Rasimu mbili zimesahau jina la mfasiri. Hilo silikubali. Kila sentensi mliyoisoma katika kitabu kile ameichagua yeye, na huwezi kusifu lugha ya kitabu ukamficha aliyeiandika.

Halafu hiyo Nobeli. Gurnah alitunukiwa mwaka 2021 kwa kazi zake zote, baada ya miaka mingi ya kuandika. Itajeni mara moja, kwa kuwa msomaji angependa kujua. Lakini tuzo si ubora wa riwaya hii. Ubora ni kitu ambacho msomaji anaweza kufungua ukurasa akakiona. Ukiandika "riwaya ni bora, ndiyo maana mwandishi alipewa Nobeli," umewaachia watu wa Stockholm wakuhakikie kitabu.

Kuhusu Bagamoyo, naelewa kilichomvuta mwandishi wa rasimu ile. Riwaya inasimulia mfanyabiashara wa pwani anayepeleka misafara bara, wapagazi, mnyapara, ngoma ya kuondokea, bidhaa zinazofungwa mizigo. Sisi tuna jengo la Caravanserai hapa mjini, tuna hadithi za misafara ya Wanyamwezi, na baadhi yetu ni uzao wa wapagazi waliofika wasirudi. Ukikisoma kitabu ukiwa umekaa hapa unaona kama kinazungumzia mtaa wenu. Lakini mji wa pwani anakoishi mfanyabiashara huyo, Aziz, hautajwi jina. Na kuna ushahidi ndani ya kitabu unaoikataa Bagamoyo waziwazi: Yusuf, mhusika mkuu, anafika pwani kwa gari moshi. Reli za Wajerumani zilianzia Tanga mwaka 1893, na Dar es Salaam mwaka 1905. Mji wetu haukupata reli, na hiyo ni sababu moja ya biashara kutuhama. Kwa hiyo sentensi iwe hivi: msomaji wa Bagamoyo atayatambua maisha ya misafara yanayosimuliwa humu, ingawa mwandishi hakuutaja mji wetu. Hapo umesema kweli na fahari yako imebaki nayo.

Kama mnataka kitu cha Bagamoyo hasa, kipo, tena ni kizuri kuliko kudai mji usiotajwa. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huu wetu, aliyesimulia safari yake ya Udoe na Uzigua. Katika kitabu hichohicho yamo masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande ya safari ya bara, na wataalamu wa fasihi wameonyesha kwamba Gurnah aliyachota humo baadhi ya matukio ya msafara wa Aziz. Mhakiki wa jarida la shule akiweka sentensi mbili juu ya jambo hilo anamwonyesha msomaji kwamba riwaya hii inazungumza na maandishi ya babu zetu, yaliyokuwapo kabla yake. Mbili zinatosha. Ikifika aya nzima, umeacha uhakiki na kuanza somo la historia.

Hadithi yenyewe isimuliwe kwa maneno yasiyozidi 150, na iachwe mahali pazuri. Nyie mmesimulia kitabu chote, hata mwisho wake, mmoja kwa ukurasa na nusu. Mimi ningeeleza hivi: Yusuf ni mtoto wa miaka 12, baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, na kuna mgeni tajiri anayekuja mara kwa mara, ambaye mtoto anamwita ami na kupewa naye sarafu. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, aondoke na huyo ami. Akifika pwani, kijana wa dukani aitwaye Khalil anamfungua macho: Aziz si ami yake, na yeye Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Anakua katika duka lile, pembeni ya bustani yenye ukuta ambayo haingii apendavyo, mpaka anapochukuliwa katika safari kubwa ya bara, wakati Wajerumani wanaishika nchi. Basi. Mambo ya nyuma ya ukuta wa bustani, habari za Amina, mmoja wa wanawake wa nyumba ile, na tendo la mwisho la Yusuf mwachieni msomaji. Nami sitayasimulia hapa, maana najua barua hii itasomwa na wenzenu ambao bado wanasubiri zamu yao ya kuazima.

Tuje kwenye sifa. Rasimu zote zinasema "mwandishi ametumia lugha ya kuvutia." Inavutia nani, ukurasa gani, kwa njia gani? Mngeweza kuchagua jambo moja tu mkalichimba, na hapa pwani mnalo jambo ambalo mmelikulia. Ni kisa cha Nabii Yusuf. Waislamu mnakijua kutoka sura ya 12 ya Kurani, Wakristo mnakijua kutoka Kitabu cha Mwanzo. Kijana mzuri wa sura anatolewa kwao, anaishi katika nyumba ya tajiri ugenini, na mke wa tajiri anamtamani. Gurnah hakujificha: kijana ni Yusuf, na bibi wa nyumba ni Zulekha, jina ambalo mapokeo yamempa mke wa yule mkubwa wa Misri.

Lakini kutambua tu kwamba visa vinafanana si uhakiki bado. Mwulize mwandishi amekifanya nini kisa hicho. Yusuf wa vitabu vitakatifu anauzwa, anafungwa, kisha anapanda: anafasiri ndoto, anakabidhiwa ghala za nchi, ndugu zake wanamwinamia. Yusuf wa Gurnah naye ana ndoto, ndoto mbaya za mbwa, na hakuna anayezifasiri. Hapandi kwenye kiti chochote. Baba wa Yusuf wa zamani alilia mpaka macho yakapofuka. Baba wa Yusuf huyu ndiye aliyemtoa. Mwandishi amechukua kisa kinachoahidi kwamba subira ina malipo, akakileta katika pwani ya watumwa, madeni na Wajerumani, akauliza kama ahadi ile inatimia huku. Hiyo ni sifa. Ni ya kitabu hiki peke yake, na msomaji anaweza kuihakikisha mwenyewe.

Mngetaka sifa ya pili, mtazameni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa, bibi yake akataka kumpa uhuru, akaukataa. Yusuf anapomhoji kwa ujana wake, mzee anamjibu kwa hoja ambayo mimi bado naibishia: kwamba uhuru si kitu ambacho mtu mwingine anacho mkononi akupe. Anaonekana katika kurasa chache, na bado ukifunga kitabu unamkumbuka. Mmoja wenu ameandika kwamba Mzee Hamdani ni mhusika "bapa" kwa sababu habadiliki. Amelikariri darasani lile somo la wahusika bapa na duara, akalifanya rungu. Mtu asiyebadilika anaweza kuwa ndiye mwenye uzito kuliko wote katika hadithi, hasa pale ambapo kila mtu pembeni yake anayumba.

Sasa kasoro, na hapa ndipo ninapotaka mkae kitako.

Rasimu iliyojaribu kwa dhati kulaumu inasema: "Yusuf ni mhusika dhaifu, hafanyi uamuzi wowote, kwa hiyo mwandishi ameshindwa." Nusu ya kwanza ina ukweli. Yusuf anapelekwa. Anapelekwa pwani, anapelekwa mji wa chini ya mlima akaachwa kwa Hamid, anapelekwa bara, anarudishwa. Kwa sehemu kubwa ya kitabu yeye anatazama na kusikiliza huku wengine wakisema: Khalil anasema, Kalasinga fundi anasema, mnyapara Mohammed Abdalla anafoka, Hamid anahofia mali yake. Msomaji aliyezoea hadithi ya shujaa anachoka, na uchovu huo ni halali kuutaja.

Lakini "kwa hiyo mwandishi ameshindwa" imetoka wapi? Kabla hujaandika neno hilo jiulize ukimya wa Yusuf unafanya kazi gani. Mtoto aliyewekwa rehani hana sauti. Akiwa mwenye maamuzi makubwa kuanzia ukurasa wa kwanza, hakuna atakayeamini kwamba ni rehani. Na kwa kuwa hasemi sana, watu wanasema mbele yake. Ndivyo tunavyozisikia hadithi za wafanyabiashara, hofu yao kwa Wajerumani, dharau yao kwa watu wa bara, mizaha yao ya usiku. Angekuwa msemaji tungemsikia yeye tu. Kwa hiyo kitu kilekile mlichokiita udhaifu ndicho kinachobeba uzuri wa kitabu. Sifa na kasoro za riwaya nzuri mara nyingi hutoka shina moja, na kazi ya mhakiki ni kulionyesha shina, kisha aseme mwandishi amelipia kiasi gani kwa chaguo lake.

Na Gurnah amelipia. Kwa maoni yangu bei anailipa kwa Amina. Kwa kuwa tunaona tu kile ambacho Yusuf anakiona, na Yusuf haruhusiwi kuingia ndani, Amina anachelewa mno kufika. Anapofika, anayo hadithi ambayo pengine ni kali kuliko ya Yusuf mwenyewe, lakini kurasa zimebaki chache, na anaisimulia kwa haraka kama mtu anayechelewa basi. Nilitamani sana kukaa naye. Hiyo ni kasoro ninayoweza kuitetea: nimeonyesha ilipo, nimeonyesha chanzo chake, na sijamdai mwandishi aandike kitabu kingine. Mnaweza kunipinga. Mwenzenu mmoja aweza kusema kuchelewa kwa Amina ni makusudi, kwamba wanawake wa nyumba ile wamefichwa na riwaya inatufanya tuuhisi ukuta. Hoja nzuri. Iandikeni, mradi iwe na kurasa zake.

"Hajatoa suluhisho" futeni. Mtu anayesimulia pwani ilivyokuwa karibu na vita ya 1914 hana deni la kutupatia suluhisho.

Kasoro nyingine iliyoandikwa ni nzito, na nampongeza aliyethubutu kuigusa, ila ameigusa vibaya. Ameandika kwamba Gurnah anawatukana watu wa bara kwa kuwaita washenzi. Wapo wanaosema hivyo ndani ya riwaya, tena mara nyingi: wafanyabiashara na watu wa msafara. Mhusika akitukana, si lazima mwandishi awe ametukana. Utajuaje? Tazama matukio yanamwunga mkono nani. Msafara wa Aziz unapofika Marungu, kwa mtawala Chatu, wananyang'anywa mali na kupigwa. Hapo msomaji wa haraka atasema, si unaona, washenzi. Lakini Chatu anapewa nafasi ya kusema, kupitia mkalimani, na anasema kwamba walikwisha kuja wafanyabiashara kabla ya hawa wakawadanganya watu wake. Kwa upande wake anajilipa deni. Ghafla yule tajiri aliyemchukua mtoto wa mtu kwa deni anakuta na yeye amedaiwa. Na anayekuja kuamua kesi ile ni Mzungu, ambaye hakuna upande uliomwita kuwa hakimu. Mwandishi aliyepanga mambo hivyo hakuwa anashangilia dharau ya pwani.

Hata hivyo lawama haijafa yote. Ukiniuliza, ningeiandika hivi: riwaya inaona dharau ya watu wa pwani kwa macho makali, lakini inabaki pwani. Chatu tunamsikia kwa mdomo wa mkalimani, kwa siku chache, kisha tunaondoka. Hatuingii katika nyumba ya mtu wa kule tukakaa kama tulivyokaa dukani kwa Aziz. Katika darasa la Bagamoyo, ambamo Mzaramo, Mkwere, Mdoe na mjukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi wanakaa dawati moja, jambo hilo litahisiwa tofauti na kila mmoja, na mhakiki afanye vyema kulisema. Mnaona tofauti ya sentensi hizo na ile ya "anawatukana"? Ile inamshtaki mtu kosa ambalo hakulifanya. Hizi zinapima umbali ambao macho ya kitabu yanafika.

Kutokana na hayo, naomba mliondoe lile wazo la kwamba uhakiki wenye mizani ni sifa tatu na kasoro tatu. Nimeona mtu amepata sifa tatu, akakwama kwenye kasoro ya pili, akalalamika kuhusu ukubwa wa herufi. Kama kitabu kina uzuri mwingi na tatizo moja kubwa, yaandikwe hivyo. Mizani inapimwa kwa haki: je, sifa nimeitolea ushahidi kama nilivyoitolea lawama? Je, Gurnah mwenyewe akisoma lawama yangu ataona kwamba nimekisoma kitabu chake? Maana mna tabia nyingine, ya kusifu kwa moyo wote na kulaumu kwa woga, "labda kwa maoni yangu madogo mwandishi angeweza pengine..." Lawama iliyotetewa haihitaji kuombewa radhi.

Juu ya tafsiri, tahadhari. Mmoja ameandika kwamba tafsiri "ni sahihi kabisa na haikupoteza chochote." Amelinganisha na Kiingereza? Kama hakulinganisha hata sura moja, hawezi kulijua hilo. Anachoweza kukisema ni jinsi Kiswahili kinavyosomeka: kama mazungumzo ya dukani yanasikika kama ya watu wa pwani, kama kuna mahali alisimama akarudia sentensi. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa mazungumzo na mmoja wa masimulizi, ndipo uandike. Na kama maktaba inazo nakala zote mbili, wekeni meza moja, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, mchukue kurasa mbili tatu za bustani. Kazi ya mchana mmoja hiyo.

Limebaki pendekezo, ambalo rasimu zote zimelimaliza kwa mstari mmoja: "Ninawashauri wote wakisome." Wote kina nani? Mdogo wa kidato cha kwanza asishauriwe. Humo mna ukatili wa njiani, mna matamanio, na mnyapara Mohammed Abdalla ana uovu dhidi ya vijana ambao mtoto hapaswi kukutana nao peke yake. Kuanzia kidato cha nne mtu anaweza kukimudu, na wa cha tano na sita watapata cha kubishania wiki nzima. Anayependa hadithi za upelelezi za Bwana Msa kwa mwendo wake wa kasi aambiwe kweli: kitabu hiki hakikimbii, na robo ya mwanzo inakaa sana dukani. Aambiwe pia kwamba msafara ukishaanza, mambo hubadilika. Anayesoma historia ya kuingia kwa Wajerumani atanufaika, ila asikitumie kama kitabu cha tarehe. Hapo kila msomaji amejua kama ni yeye au si yeye. Unaweza hata kumshauri mtu asikisome sasa, na bado ukawa umekisifu kitabu.

Ukurasa wenu unabeba maneno kama 700. Taarifa za kitabu na hadithi zisizidi 200. Sifa moja au mbili zilizochimbwa, kasoro moja yenye chanzo chake, pendekezo la sentensi nne au tano. Vichwa vidogo vya mtihani viondoke vyote. Nambari za kurasa mziandike pembeni katika rasimu, kwa kila dai, hata kama hazitachapishwa, ili mhariri akibisha mfungue hapohapo. Pasipo na nambari, dai litoke.

Na yule aliyeandika kwamba kitabu kimemchosha akakiacha katikati, msimfukuze kwenye meza. Akimalize kwanza, kisha apewe maneno 200 chini ya makala kuu, kwa jina lake, aeleze kimemchosha wapi. Nakala ya maktaba anayo yeye mpaka Ijumaa.